Mwanya ni sentimita 20, mbona maji yanatoka na kina cha 12?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mgawa maji kwenye skimu ya mpunga huku Mbarali. Geti la mfereji wetu mkuu lina upana wa mita 1.2. Upande wa juu maji yanasimama mita 1.5, na sisi tunafungua mwanya wa sentimita 20. Nikikokotoa napata lita 1,300 kwa sekunde, lakini wapimaji walikuja na mita yao wakapata 745. Halafu maji yenyewe yakishatoka chini ya geti yana kina cha sentimita 12, siyo 20. Siku wakulima wa chini wakiziba mfereji kwa viroba, maji yanapungua zaidi na geti hatujaligusa. Juzi tena shafti ya kunyanyulia imepinda tukiwa tunafunga. Bovu ni geti au hesabu yangu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Ukiacha hiyo shafti, geti lako ni zima, na wapimaji wako walifanya kazi nzuri. Tena hizo sentimita 12 ulizoziona ndizo zinazofungua fumbo lote, kwa hiyo tuanzie hapo.

Simama juu ya geti uangalie maji yanavyolijia. Yale ya chini, yanayotambaa karibu na sakafu, hayana shida, yanapita kwenye mwanya moja kwa moja. Lakini yale ya juu yamekwenda kugonga bamba la chuma, na njia iliyobaki ni kushuka. Yanateremka yakilifuata bamba, na yakifika kwenye ukingo wake wa chini yanakuwa yanaelekea chini, wakati mkondo unatakiwa kwenda mbele. Kwenye kona ile maji hayawezi kugeuka papo hapo. Yanajipinda taratibu, na wakati yanajipinda bado yanaendelea kushuka, hata baada ya kuliacha geti. Ndiyo maana uso wa mkondo unazidi kuteremka kwa umbali mfupi baada ya geti, kisha unalala sawa. Hapo unapolala ndipo mkondo ni mwembamba kuliko mahali pengine popote. Mimi napaita shingo. Kwa mwanya wa sentimita 20 utaikuta shingo kiasi cha sentimita 20 hadi 40 kutoka kwenye geti.

Kwa geti la wima lenye ukingo mkali, unene wa maji kwenye shingo ni karibu 0.61 ya mwanya. Chukua 20 uzidishe kwa 0.61, unapata 12.2. Namba hiyo haikutokana na kukadiria tu. Ukipiga hesabu ya maji yasiyo na msuguano yakitoka kwenye mwanya mdogo chini ya kina kikubwa, jibu linakuja π/(π+2), ambayo ni 0.611. Uzito wa maji unaishusha kidogo sana, kwa hiyo mafundi wa mifereji wanatumia 0.61 au 0.60 bila kugombana, mradi mwanya haujapita nusu ya kina cha juu.

Lakini angalia hilo sharti la ukingo mkali. Kama ukingo wa chini umechongwa ukawa wa mviringo, au mtu amefunga mpira mnene wa kuzuia kuvuja, maji yanapata kona laini ya kugeukia na shingo inanenepa. Ukingo wa mviringo uliotengenezwa vizuri unaweza kuipeleka namba hiyo karibu na 1. Mageti ya upinde nayo yana namba zake, zinazobadilika kadiri geti linavyonyanyuliwa, kwa sababu pembe ya ukingo inabadilika. Kwa hiyo usichukue 0.61 yangu ukaipeleka kwenye geti la jirani kabla hujainama kuangalia ukingo wake ukoje.

Sasa hesabu yako. Nadhani ulichukua kasi kuwa mzizi wa 2gh, g ikiwa mvutano wa dunia na h kina cha mita 1.5, ukapata mita 5.42 kwa sekunde, ukazidisha kwa upana na kwa mwanya: 1.2 × 0.20 × 5.42, ikaja lita 1,300. Umeuhesabu mwanya kana kwamba mkondo umeujaza wote kwa kasi hiyo, wakati kasi hiyo inapatikana kwenye shingo, na kwenye shingo kuna sentimita 12 tu za maji. Kuna na kijipengele kingine kidogo: maji yakiwa kwenye shingo bado yana kina chake, kwa hiyo hayakushuka mita 1.5 nzima. Ukiweka sawa nishati ya upande wa juu na nishati ya kwenye shingo, ukakumbuka kwamba maji yanayopita ni yale yale, unapata kanuni fupi:

q = y1 × y2 × √( 2g / (y1 + y2) )

Hapa q ni maji yanayopita kwa kila mita moja ya upana, y1 ni kina cha juu, y2 ni kina cha kwenye shingo. Weka 1.5 na 0.122, na g ya 9.81. Unapata 0.636. Zidisha kwa upana wa mita 1.2, inakuja 0.764, yaani lita 764 kwa sekunde. Kasi kwenye shingo ni mita 5.22 kwa sekunde, wakati upande wa juu maji yanajongea kwa mita 0.42 tu.

Wapimaji walipata 745. Tofauti haifiki asilimia 3, na sehemu yake ni msuguano wa sakafu na kuta ambao kanuni hii haiujui. Mimi ningechukua matokeo ya kanuni nikayapunguza kwa asilimia 2 au 3, nikaandika hiyo kwenye daftari la geti.

Ukitaka kujihakikishia zile sentimita 12, usichomeke rula kwenye shingo ikiwa imeukabili mkondo kwa upana wake. Kwa kasi ya mita 5.22 maji yatapanda kwenye rula hiyo, na kama yangepanda bila kutawanyika yangefika mita 1.39. Utalowa na hutasoma chochote. Laza ubao imara kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya mkondo, ushushe chuma chenye ncha mpaka ncha iguse uso wa maji. Weka alama. Geti likishafungwa, shusha chuma hicho hicho hadi sakafuni uweke alama ya pili. Tofauti ya alama hizo ndiyo kina cha shingo, na ukikigawa kwa mwanya unakuwa na namba ya geti lako wewe.

Mwanya wenyewe uupime kwenye geti, usihesabu mizunguko ya usukani. Nati ikilika, usukani unazunguka robo au nusu kabla geti halijatikisika. Na mito yenu ya huko inashuka kutoka Uporoto na Kipengere ikaingia Usangu kwa ghafla, inabeba mchanga kwelikweli. Mchanga ukilala sakafuni chini ya geti kwa sentimita 3, mwanya wako wa 20 umekuwa wa 17 na daftari halina habari.

Tuje kwenye nguvu, maana hapo ndipo shafti ilipopindia.

Watu wengi hukokotoa nguvu ya maji kwenye geti kana kwamba maji yamesimama: presha sifuri juu kwenye uso wa maji, inaongezeka kadiri unavyoshuka, inakuwa kubwa kabisa kwenye ukingo wa chini. Geti likiwa limefungwa, hiyo ni kweli tupu. Kwa kina cha mita 1.5 nguvu kwa kila mita ya upana ni nusu ya 9,810 mara 1.5 mara 1.5, yaani nyutoni 11,036. Kwa upana wa 1.2 inakuwa nyutoni 13,240, ambayo ni kama kuegemeza mzigo wa tani moja na theluthi kwenye lile bamba.

Ukifungua, mambo yanabadilika kule kule ukingoni. Maji yanayoteremka kwenye bamba yanaongeza kasi kadiri yanavyokaribia kona, na yakiongeza kasi presha yake inapungua. Kwenye ncha ya ukingo, pale maji yanapoliacha geti na kukutana na hewa, presha imeshuka hadi sawa na ya hewa. Kwa hiyo mahali ambapo hesabu ya maji yaliyosimama inakupa presha kubwa kuliko zote, maji yanayotiririka yanakupa sifuri. Kule juu, mbali na ukingo, presha inabaki karibu ile ile ya maji yaliyosimama.

Huwezi kupima presha ya kila nukta kwenye bamba, na huhitaji. Chukua maji yote yaliyo kati ya upande wa juu na shingo, uyahesabu kama kitu kimoja. Upande wa juu yanasukumwa na presha ya kina cha 1.5. Kwenye shingo yanazuiwa na presha ya kina cha 0.122. Geti nalo linayazuia. Kinachobaki baada ya kutoa hizo ndicho kilichoyaongeza kasi kutoka 0.42 hadi 5.22. Basi nguvu ya geti kwa mita moja ya upana ni:

F = ½ρg(y1² − y2²) − ρq(V2 − V1)

Hapa ρ ni kilo 1,000 za kila mita ya ujazo ya maji, V1 ni kasi ya upande wa juu na V2 ni kasi ya kwenye shingo. Sehemu ya kwanza inakuja nyutoni 10,963, ya pili 3,051. Toa, inabaki 7,912. Kwa upana wa mita 1.2 ni kama nyutoni 9,490. Kama ungekokotoa kwa maji yaliyosimama juu ya ukingo, yaani kina cha 1.3 kilichoigusa geti, ungepata 9,950. Kwa mwanya huu tofauti ni kama asilimia 5. Ni ndogo, lakini inaongezeka kadiri unavyofungua zaidi, na tena mahali pa nguvu hiyo panapanda juu kidogo ya theluthi ya chini tuliyoizoea, kwa sababu presha iliyopotea imepotea chini.

Kwa fundi wa kuchomelea somo la hapa ni jepesi: mzigo wa kusanifia geti ni lile lililofungwa, na maji yakiwa yamejaa. Likifunguka linapumua. Kwa hiyo shafti yako haikupindwa na nguvu ya maji yanayopita chini, na ndiyo maana imepinda wakati wa kufunga.

Ona inavyokwenda. Maji yanaligandamiza geti kwenye reli zake za pembeni. Chuma kwa chuma chenye kutu, tuseme msuguano ni 0.4 ya mgandamizo. Geti likikaribia kufungwa, 0.4 ya 13,240 ni nyutoni 5,300. Wakati wa kunyanyua, shafti inavuta msuguano huo pamoja na uzito wa geti. Bamba la milimita 6 la ukubwa huo, ukiongeza vyuma vya kulikaza, ni kama kilo 120, yaani nyutoni 1,180. Jumla 6,500 hivi. Shafti inayovutwa haipindi, hata ikiwa nyembamba itavumilia mbali kuliko hapo. Wakati wa kufunga uzito unakusaidia, kwa hiyo unasukuma 5,300 toa 1,180, kama 4,100. Namba ni ndogo zaidi, lakini sasa shafti inasukumwa, na fimbo ndefu ikisukumwa kwa ncha hupinda ubavuni kabla haijavunjika.

Hukunitajia vipimo vya shafti, ila mageti ya ukubwa huu niliyoyaona mara nyingi yana shafti ambayo kiini chake, ukiondoa nyuzi, ni milimita 25, na kutoka kichwa cha geti lililofungwa hadi fremu ya juu kuna kama mita 2 bila kitu cha kuishikilia. Fimbo ya namna hiyo inapinda ikifikia kama nyutoni 9,500. Msuguano wa kawaida haukufikishi hapo. Jiwe linakufikisha. Geti likikalia jiwe au mchanga, mgawa maji anaona bado linavuja, anaongeza mkono kwenye usukani. Usukani wa kipenyo cha nusu mita, ukisukumwa nyutoni 100 kwa kila mkono, wala hiyo siyo nguvu ya kutoa jasho, kwenye nyuzi za hatua ya milimita 8, hata robo tatu ya nguvu ikipotelea kwenye msuguano wa nati, unasukuma shafti kwa karibu nyutoni 10,000. Umeshapita. Wakishika wawili, shafti haina la kusema.

Dawa siyo lazima shafti nene. Weka pete ya kuiongoza katikati ya ile nafasi ya mita 2, ichomelewe kwenye fremu. Urefu usioshikiliwa ukigawanyika nusu, shafti hiyo hiyo inavumilia mara nne, yaani kama nyutoni 38,000. Na utaratibu wa kazi: geti likigoma sentimita 2 au 3 kabla ya sakafu, usilazimishe. Lipandishe sentimita 10, acha maji yafagie kwa dakika moja, kisha shusha tena. Kasi ya mita 5 kwa sekunde itaondoa mchanga na kokoto nyingi ambazo usukani usingezisaga.

Sasa viroba, na hapa naomba uwe makini, maana ndipo ugomvi wa zamu za maji unapoanzia.

Maji yanayotoka kwenye shingo yana kasi kubwa na kina kidogo. Mfereji wenyewe, kwa mteremko wake mdogo, hauwezi kuyabeba hivyo kwa muda mrefu. Mahali fulani yataruka: uso unainuka ghafla, povu linatokea, kasi inashuka, kina kinakuwa kikubwa. Kina kitakacholingana na mkondo wa shingo baada ya kuruka kinakokotolewa hivi. Kwanza namba ya Froude ya shingo, kasi gawa kwa mzizi wa g mara kina:

Fr = 5.22 / √(9.81 × 0.122) = 4.77

Kisha:

y3 = (y2 / 2) × ( √(1 + 8Fr²) − 1 )

Inakuja mita 0.76. Hiyo sentimita 76 uikariri, kwa sababu ndiyo mpaka.

Kina cha mfereji upande wa chini kikiwa pungufu ya sentimita 76, maji ya shingo yana nguvu kuliko ya mfereji, yanayasukuma, na mruko unakwenda kutokea mbele zaidi. Geti halijui chochote kinachotokea huko. Litatoa lita 764, na ukiweka kiroba kimoja au viwili vya kuinua maji kutoka sentimita 50 hadi 65, hakuna aliyeonewa. Hatari ya hali hii ni nyingine: mruko ukisukumwa hadi nje ya sakafu ya zege, unachimba udongo. Urefu wake ni karibu mara sita ya kina cha baada ya kuruka, kwenu kama mita 4.6, na ndani ya umbali huo unapoteza karibu nusu ya nishati yote. Kama zege lenu linaishia mita 3 kutoka kwenye geti, nenda kaangalie chini ya mwisho wake wakati mfereji mkavu. Nina hofu utakuta pango.

Kina cha chini kikipita sentimita 76, maji ya mfereji yanashinda. Yanarudi nyuma mpaka yanaufunika mkondo wa shingo na kuegemea bamba la geti kwa upande wa pili. Mkondo mwembamba bado upo chini yake, unene wake bado ni kama sentimita 12, lakini sasa unatoka ndani ya maji, siyo hewani. Geti limezama. Kuanzia hapo kila sentimita inayoongezwa chini inapunguza maji yanayopita.

Tuchukue siku ya viroba. Tuseme wameinua maji ya chini hadi mita 1.0, juu pako pale pale 1.5, mwanya 20. Kanuni ya mwanzo haifai tena, kwa sababu kina kinachoegemea nyuma ya geti sicho 0.122. Kiite y. Unahitaji milinganyo miwili. Wa nishati, kutoka juu hadi kwenye shingo, ukiitumia y kama kina na kasi ikihesabiwa kwa 0.122. Na wa momenta, yaani ile hesabu ya misukumo na kasi tuliyoitumia kwenye nguvu ya geti, kutoka kwenye shingo hadi kwenye mfereji uliotulia:

1.5 + q²/(2g × 1.5²) = y + q²/(2g × 0.122²)

y² + 2q²/(g × 0.122) = 1.0² + 2q²/(g × 1.0)

Usitumie nishati kwenye hatua ya pili, kwa sababu kwenye ile vurugu inapotea na hujui kiasi gani. Momenta haijali. Ukiita q² kuwa x, kutoka mlinganyo wa kwanza y = 1.5 − 3.402x, na wa pili unakuwa y² = 1 − 1.467x. Ingiza mmoja ndani ya mwingine unapata

11.57x² − 8.74x + 1.25 = 0

na jibu linalofaa ni x = 0.192. Jingine linaifanya y kuwa hasi, litupe. Basi q ni 0.438, mara 1.2 ni lita 525 kwa sekunde, na y ni sentimita 85.

Kutoka 764 hadi 525. Lita 239 kila sekunde zimekatwa na viroba, karibu theluthi, na mwanya haujaguswa. Wale walioziba wanaona maji yamepanda kwenye mdomo wa mfereji wao mdogo, wanadhani wameongeza. Wameinua kina na kupunguza maji ya mfereji mzima, na walio mbele yao ndio wanaolipa. Maji yaliyokatwa hayakupotea, yamebaki juu, yatakuinulia kina cha upande wa juu wa geti au yatapita juu ya banio kurudi mtoni.

Kujua kama geti limezama huhitaji hesabu. Angalia upande wa chini wa bamba. Likiwa huru, bamba ni kavu nyuma, na unaona mkondo ukitoka chini yake ukiwa laini unang'aa kama kioo. Likiwa limezama, maji yanachemka yakiligusa bamba. Kukiwa na shaka, tupa jani la muhindi nusu mita mbele ya geti. Likikimbia mbele, geti ni huru. Likirudi likaligonga bamba na kuzungukazunguka hapo, limezama, na namba yoyote utakayosoma kwenye jedwali la geti huru itakuwa ya uongo.

Kwa geti lako, kina cha juu kikiwa 1.5, jedwali la daftari liwe na safu hizi. Mwanya wa 10 unatoa lita 389 na mpaka wa kuzama ni sentimita 56. Mwanya wa 20 ni lita 764 na mpaka 76. Mwanya wa 30 ni lita 1,125 na mpaka 90. Umeona kwamba kuongeza mwanya mara mbili hakukupi maji mara mbili kamili, kwa sababu shingo nene inakula sehemu ya ule mwinuko. Na ukiwa umezama, kufungua zaidi kunaongeza maji, lakini maji hayo nayo yanainua kina cha chini, na sehemu ya ulichokipata kinarudishwa. Ndiyo maana siku za viroba mnafungua na kufungua mkiona mabadiliko madogo.

Funga rula ya kina upande wa chini, siyo karibu na geti ambako maji yanaruka, ila mita 10 au 12 mbele, pale uso umetulia. Sifuri yake iwe usawa wa sakafu iliyo chini ya geti, vinginevyo mpaka wa 76 hautakuwa na maana. Paka rangi nyekundu kwenye 56, 76 na 90, kila mstari uandike mwanya wake. Kwenye kikao cha zamu mkubaliane kwamba viroba havivushi maji juu ya mstari wa mwanya wa siku hiyo. Kama kuna mdomo wa mfereji mdogo usiopata maji chini ya mstari huo, basi sakafu ya mdomo huo ilijengwa juu mno, na kuishusha ni kazi ya fundi wa zege ya siku mbili.